Taa za mbele za kesi haziwaki: plagi ya matundu matatu kwenye pini mbili

"Fundi naomba msaada, niko Mafinga. Nimehamisha mashine yangu kwenye kesi nyingine ya mtumba, batani ya kuwasha inafanya kazi vizuri lakini taa ya pawa na taa ya hadi diski zote haziwaki. Plagi ya taa ya pawa ina matundu matatu ila nyaya ni mbili, nimeigeuza mara mbili hamna kitu. Naogopa nikiendelea kugeuzageuza nitaunguza mazabodi. Shida ni nini?"

Kamwene ndugu yangu. Hofu ya kuunguza bodi iweke pembeni kwanza, kugeuza plagi ya taa hakujaunguza kitu na wala hakutaunguza, huko mbele nitakuambia kwa nini. Halafu kwa jinsi ulivyoeleza mimi naona una matatizo mawili tofauti ambayo kwa macho yanafanana, taa ya pawa haiwaki kwa sababu yake na taa ya diski kwa sababu yake, ndiyo maana hiyo ya pawa hata ukiigeuza mara ishirini haitawaka.

Zima mashine, chomoa waya wa umeme nyuma, laza kesi ubavu, washa tochi ya simu umulike ukingo wa chini wa bodi, mara nyingi kona ya kulia. Utaona kichwa kidogo cha pini tisa, mistari miwili, mmoja una pini tano na mwingine una nne na pengo mwishoni. Pembeni yake bodi imeandikwa kitu kama F_PANEL au PANEL1 au JFP1 kutegemea aliyeitengeneza. Hilo pengo ndiyo alama yako ya kusomea, maana mpangilio wa hizi pini ulitoka kwenye mwongozo wa Intel na bodi nyingi zinazouzwa zenyewe kama bodi tupu zinaufuata. Ukiiangalia kwa juu na ukajiweka upande ambao pengo linakaa chini kulia, pini zinasomeka hivi:

```
HDD LED +   1   2   PWR LED +
HDD LED -   3   4   PWR LED -
RESET SW    5   6   PWR SW
RESET SW    7   8   PWR SW
haitumiki   9   X   pengo
```

Safu ya kushoto juu ni taa ya diski halafu chini yake ni risti, safu ya kulia juu ni taa ya pawa halafu chini yake ni batani ya kuwasha. Taa zote mbili ziko upande ulio mbali na pengo, na chanya za taa zote mbili, yaani namba 1 na namba 2, zimekaa bega kwa bega huko mwisho kabisa. Hicho kitu cha chanya mbili kukaa pamoja kishike kichwani maana tutakitumia sasa hivi. Namba 9 iache, bodi nyingine imeunganishwa na volti 5 na nyingine haijaunganishwa na kitu, kesi yako haiihitaji.

Kitabu cha bodi kama unacho ndicho cha kuamini kuliko mimi, na kama hauna, maandishi madogo meupe kwenye bodi yenyewe yanatosha mara nyingi, piga picha na simu halafu ivute uisome vizuri, macho peke yake hayatoshi hasa kama vumbi limekaa.

Sasa hiyo plagi ya matundu matatu. Angalia nyaya zimeingia matundu gani, nina uhakika zimeingia matundu ya pembeni mawili na la katikati ni tupu. Plagi za namna hiyo zilitengenezwa kwa bodi za zamani ambazo taa ya pawa ilikuwa na pini zake tatu mstari mmoja, ya katikati haitumiki. Bodi yako ina chanya na hasi zimegusana mabega, namba 2 na namba 4, hakuna nafasi katikati. Ukichukua plagi pana ukaichomeka hapo ina njia mbili tu. Ya kwanza ifunike namba 2, 4 na 6, sasa hapo namba 6 ni ya batani ya kuwasha, kwa hiyo plagi ya batani isingepata pa kukaa na wewe umesema batani inawasha vizuri. Inabaki ya pili, plagi imening'inia nje ya kichwa, tundu moja halina pini kabisa liko hewani, tundu tupu la katikati limekaa kwenye namba 2, na waya mmoja tu ndio umegusa namba 4. Taa inapata mguu mmoja, mwingine uko hewani. Ukigeuza plagi, waya uliokuwa hewani unakuja kwenye namba 4 na ule mwingine unaenda hewani, ni kilekile. Ndiyo maana umegeuza mara mbili hamna kitu, wala hukukosea chanya na hasi, sakiti haijawahi kufunga hata mara moja.

Kabla hujafanya lolote mulika ukingo wote wa bodi uangalie kama kuna kichwa kingine kidogo cha pini tatu kimeandikwa PLED, bodi nyingine wameweka vyote viwili, kama kipo chomeka hapo umemaliza. Kama hakipo, na mara nyingi hakipo, unahamisha waya mmoja kutoka tundu la pembeni kwenda la katikati. Ni kazi ya dakika tatu, unahitaji sindano ya kushonea au pini ya nguo tu. Shika plagi karibu na mwanga, upande mmoja utaona vidirisha vidogo, kila tundu na kidirisha chake, na juu ya kidirisha kuna ulimi mwembamba wa plastiki ambao umezuia kile kichuma cha mwisho wa waya kisitoke. Ingiza ncha ya sindano chini ya ulimi uunyanyue kidogo sana, milimita moja haifiki, huku umeunyanyua vuta waya taratibu kwa nyuma na kichuma kitatoka chenyewe. Kikigoma usivute kwa nguvu, maana yake ulimi haujanyanyuka vya kutosha, ukilazimisha waya unakatika kwenye shingo ya kichuma na hapo utaanza kutafuta waya wa risasi na pasi ya kuchomelea. Asubuhi za Julai huku kwetu plastiki inakuwa kavu na baridi, ulimi unakatika kirahisi, mimi naishikilia plagi mkononi dakika moja ipate joto ndiyo naanza.

Kikitoka kisukume kwenye tundu la katikati, kile kijino cha kichuma kiangalie upande wa kidirisha, sukuma mpaka usikie imeshika, halafu jaribu kuvuta kidogo uone kama haitoki. Sasa una nyaya mbili zimekaa jirani, plagi bado ni ya matundu matatu ila tundu la tatu ni tupu. Tundu hilo tupu liache lining'inie nje ya kichwa, upande wa mbali na pengo, ili zile mbili zenye nyaya zikae namba 2 na 4 na namba 6 ibaki wazi kwa batani. Hapo kuna kitu watu wanakosea: wanahamisha waya wowote halafu wanakuta plagi inakaa vizuri lakini chanya imeangukia namba 4. Fikiria kabla ya kuhamisha. Waya wa hasi ndio utakaa namba 4, karibu na batani, kwa hiyo waya wa chanya ndio uende tundu la katikati na wa hasi ubaki pembeni alipokuwa, halafu plagi igeuze ili ule wa hasi uelekee upande wa pengo.

Utajuaje waya upi ni chanya? Plagi nyingine zimeandikwa alama ya kujumlisha na kutoa, hapo hamna kazi. Nyingine zina kipembetatu kidogo kimechongwa kwenye plastiki, mara nyingi kiko upande wa chanya. Rangi nazo zinasaidia, mweupe au mweusi kwa kawaida ni hasi na ile yenye rangi, nyekundu au kijani au chungwa au bluu, ni chanya. Lakini kwa kesi ya mtumba rangi usiape nayo, kesi ikishapita mikononi mwa mafundi wawili watatu nyaya zimeungwa katikati kwa tepu, unakuta kijani kwa juu na ukifuata mpaka kwenye taa ni mweupe.

Ndiyo maana napenda kuiuliza taa yenyewe. Njia rahisi ni betri ya saa, ile bapa ya CR2032 ya volti 3, upande wenye maandishi na alama ya kujumlisha ndio chanya. Chukua vipande viwili vya waya mwembamba au pini mbili za ofisi, ingiza kwenye matundu mawili yenye nyaya, halafu gusisha moja upande huu wa betri na nyingine upande ule, sekunde moja tu. Ikiwaka, waya uliogusa upande wenye maandishi ndio chanya. Isipowaka badilisha pande. Pande zote mbili ikigoma basi taa imekufa au waya umekatika mahali. Angalizo moja, taa ya bluu au nyeupe inataka karibu volti 3 nzima ili iwake, nyekundu na kijani zinaridhika na volti 2 hivi, kwa hiyo ukijaribu taa ya bluu kwa betri iliyochoka unaweza kusema taa ni mbovu kumbe betri ndiyo mbovu. Betri ya kwenye bodi yako inaweza kutumika pia, ila chomoa umeme kwanza na ujue ukiitoa saa na mipangilio ya BIOS vitarudi mwanzo.

Maltimita yenye alama ya diodi nayo inafanya kazi hiyohiyo, waya mwekundu wa mita kwenye chanya na taa nyekundu itawaka kwa mbali. Taa ya bluu mita nyingi za bei rahisi haziiwashi, volti zake hazifiki.

Sasa kwa nini kugeuza hakuunguzi. Taa ya LED ni diodi, umeme unapita upande mmoja tu, ukiigeuza inafunga njia, hamna umeme unaopita, basi inakaa giza na bodi haihisi kitu. Halafu bodi haitoi volti 5 mbichi pale kwenye pini, kuna rezista njiani, bodi nyingi inakuwa om 330 au karibu na hapo. Piga hesabu, volti 5 toa 2 zinazobaki kwenye taa nyekundu unabaki na 3, gawa kwa 330 unapata kama miliampia 9, ni umeme mdogo sana, hata ukishikanisha zile pini mbili za taa kwa bahati mbaya rezista inabana. Ila elewa pia maana yake kwa upande wa pili: rezista iko kwenye bodi, siyo kwenye taa. Kuna vijana wakiona taa haiwaki wanachukua volti 5 au 12 moja kwa moja kutoka kwenye nyaya za pawa saplai wanaunganisha kwenye taa, inawaka kali sana muda mfupi halafu inakufa. Usifanye hivyo, kama unataka kuchukua umeme kwingine lazima uweke rezista yako.

Batani zenyewe, ya kuwasha na ya risti, hazina chanya wala hasi. Ni swichi, kazi yake ni kugusanisha pini mbili kwa nukta moja, moja ya hizo pini ni ardhi na nyingine bodi imeishikilia kwenye volti chache, ukibonyeza inashuka, bodi inaelewa. Ichomeke unavyotaka. Waya mmoja kuwa mweupe na mwingine wa rangi ni mazoea ya kiwandani tu.

Twende taa ya diski. Yake ina matundu mawili na nyaya mbili, inakaa namba 1 na 3 vizuri, kwa hiyo shida yake karibu hakika ni kugeuzwa. Lakini hii taa ina tabia moja inayowachanganya watu: haiwaki muda wote. Chanya yake namba 1 ina umeme wakati wote mashine ikiwa imewaka, ila hasi yake namba 3 bodi inaifungua tu pale diski inaposoma au kuandika, ndiyo unaona inapepesa. Mtu anaichomeka sawasawa, anaangalia sekunde mbili hamna kitu, anaigeuza, sasa ndiyo ameiharibu mpangilio na anaanza kuzunguka. Na kama mashine yako unatumia ile diski ndogo ya NVMe inayolala kwenye bodi yenyewe, bodi nyingine haiunganishi taa na hiyo diski kabisa, utakaa unaisubiri ipepese mpaka jioni.

Kwa hiyo mimi siijaribu taa ya diski kwenye pini zake. Naichukua plagi yake naiweka kwa muda kwenye namba 2 na 4, pini za taa ya pawa, ambazo umeme wake umetulia mashine ikiwa imewaka. Nawasha. Ikiwaka moja kwa moja, najua taa ni nzima na najua imekaa upande sahihi. Isipowaka nazima, nageuza, nawasha tena. Pande zote mbili ikigoma ndiyo nasema taa au waya ni mbovu. Ikishawaka nazima, naisogeza pembeni kwenda namba 1 na 3 bila kuigeuza, kama ilivyokaa hivyohivyo, kwa sababu kama nilivyokuambia chanya mbili zimekaa bega kwa bega. Umemaliza, hakuna mita wala betri. Baada ya hapo washa mashine uangalie wakati Windows inapanda, hapo diski inafanya kazi sana na lazima ipepese, isipopepesa hapo na ilishawaka kwenye pini za pawa, basi siyo waya tena, ni hiyo habari ya NVMe.

Na hivyohivyo unaweza kutumia plagi ya taa ya diski kama shahidi kwa taa ya pawa: kama taa ya diski imewaka kwenye 2 na 4 na ya pawa baada ya kuhamisha waya haiwaki, bodi ni nzima, tatizo limebaki kwenye waya au taa ya pawa yenyewe.

Kuna sehemu moja tu kwenye kazi hii ambayo naomba uwe makini kwelikweli. Karibu na kichwa hiki kuna vichwa vingine vya pini tisa, vya USB za mbele, vimeandikwa F_USB au JUSB au kitu cha hivyo, na mtu akiangalia haraka vinafanana, pini tisa na pengo kwenye kona. Kwenye kichwa cha USB volti 5 iko pale wazi haina rezista ya kukulinda, na pini inayofuata ni ya data. Mtu akipeleka plagi ya batani pale akabonyeza, au akagusanisha pini kwa bisibisi akidhani anawasha mashine, anaweza kupitisha volti 5 kwenye njia ya data na hiyo ndiyo namna bandari za USB zinavyokufa. Kwa hiyo soma maandishi kwanza, kila mara, hata kama umeshafanya kazi hii mara mia. Kile cha sauti za mbele nacho kina pini tisa ila pengo lake haliko kwenye kona, liko ndani kidogo, hicho utakitambua.

Nikupe kisa kimoja ujue hizi nyaya zinavyoweza kudanganya. Mwaka jana mama mmoja wa steshenari kule Uyole aliniletea mashine kwenye kesi mpya iliyokuwa imetoka Dar kwa basi, amebeba mwenyewe mgongoni mwa bodaboda mpaka Mwanjelwa. Anabonyeza inawaka, feni zinazunguka, kama sekunde nne inazima. Fundi wa kwanza alikuwa amemwambia pawa saplai imekufa anunue nyingine, na alishanunua, tatizo likabaki palepale. Nilichofanya, nilibonyeza batani, ilipowaka tu nikachomoa plagi ya PWR SW kwenye bodi. Mashine ikaendelea, skrini ikaja, Windows ikapanda. Batani ilikuwa imebanwa na plastiki ya mbele iliyopinda njiani, ukiibonyeza hairudi, inabaki imebonyezwa, na bodi ikiona imeshikiliwa sekunde nne inaelewa unataka kuzima kwa nguvu, inazima. Pawa saplai yake ya kwanza ilikuwa nzima kabisa. Nilikwangua plastiki kidogo kwa wembe, batani ikawa inarudi.

Alikuja tena baada ya miezi kadhaa, safari hii feni zinazunguka hazizimi ila skrini nyeusi tii. Hiyo ukiiona, kabla hujatoa rami wala kadi, chomoa plagi ya risti. Batani ya risti ikinasa, bodi inashikiliwa mwanzo haiendi popote, feni zinazunguka tu. Ilikuwa ndiyo hiyo. Nilimwachia risti bila kuichomeka, haina ulazima, na nilimwambia kama siku moja batani ya kuwasha itakufa kabisa achukue ile plagi ya risti aipeleke namba 6 na 8, batani ya risti itamwashia mashine, swichi ni swichi.

Wewe batani yako ni nzima hivyo hayo hayakuhusu leo, ila kesi ni ya mtumba, ikianza tabia ya kuzima baada ya sekunde nne tano utajua pa kuanzia.

Kitu kingine kabla hujaanza, hakikisha bodi yako ni ya kawaida, siyo iliyotoka kwenye zile kompyuta za ofisi za mtumba ambazo zimejaa huku Mbeya na Iringa. Zile nyingi bodi yake ina mpangilio wake wa pini, wakati mwingine plagi moja nzima inabeba batani, taa na vitu vingine, na ukiihamishia kesi ya kawaida mchoro niliokupa hapo juu hauhusiki. Nyingine hata zikikosa plagi yake ya mbele zinasimama wakati wa kuwaka zinaandika kwenye skrini kwamba paneli haijaunganishwa, zinakutaka ubonyeze kitufe ndiyo ziendelee. Kama bodi yako ni ya hivyo, utaijua kwa sababu kichwa cha pini hakina pini tisa au pengo liko mahali pengine, usichomeke kwa kubahatisha. Hapo ndiyo maltimita inakuwa na kazi: mashine ikiwa imezimwa lakini waya wa umeme umechomekwa, weka mita kwenye volti 20 za dc, waya mweusi kwenye chuma cha kesi, gusa pini moja moja na mwekundu. Pini ya batani ya kuwasha itakuonyesha volti 3.3 au 5 hivi hata mashine ikiwa imezimwa, na jirani yake itasoma sifuri, hiyo ni ardhi. Lakini pini nyingine yenye umeme wa kusubiri inaweza kusoma hivyohivyo, kwa hiyo usishikanishe moja kwa moja na bisibisi, shikanisha kupitia rezista ya om 1,000 kwa nukta moja, kama ndiyo ya batani mara nyingi itawaka, na kama siyo rezista imekulinda. Taa utaitafuta mashine ikiwa imewaka, pini mbili zinazosoma karibu volti 5 kati yao zikiwa tupu na zimetulia, hizo huenda ndizo za taa ya pawa, na ile ambayo mita inaonyesha chanya ikiwa na waya mwekundu ndiyo chanya.

Ukifanya, anza na taa ya diski kwenye namba 2 na 4, maana hiyo haihitaji kutoa waya kwenye plagi, ikiwaka utajua bodi iko sawa kabla hujagusa sindano. Halafu ndiyo uhamishe chanya ya taa ya pawa kwenda tundu la katikati. Kama baada ya hapo ya pawa itagoma, nipigie picha mbili, moja ya kichwa cha pini kikiwa wazi maandishi yaonekane, nyingine ya plagi upande wenye vidirisha, nitakuambia waya upi umekaa vibaya.